Mkono na Namba: Kupima Titresheni kwa Orodha Hakiki

Ndugu walimu wa sayansi, ndugu wakufunzi, na ninyi mnaotunga na kusahihisha mitihani ya vitendo,

Tutazame meza mbili za maabara. Kazi ni moja: kutafuta mkolezo wa myeyusho wa hidroksidi ya sodiamu kwa titresheni. Asidi hidrokloriki ya 0.100 mol/dm³ iko kwenye bureti, alkali inachukuliwa kwa pipeti ya 25.0 cm³, na kiashiria ni methili oranji. Mwalimu amefanya kazi hiyo mwenyewe asubuhi na kupata 24.30 cm³ za asidi.

Mwanafunzi wa meza ya kwanza ana mkono mtulivu. Bureti yake haivuji, matone yake yanahesabika, daftari lake ni safi. Anapata 24.75, kisha 24.70, kisha 24.70. Wa meza ya pili anafungua koki kwa pupa, anatikisa chupa anapokumbuka, anasoma bureti huku amesimama wima. Anapata 24.35, kisha 24.30, kisha 24.30.

Anayesahihisha karatasi peke yake atampa wa pili alama zote za matokeo na kumpunguzia wa kwanza. Na karatasi haitamwambia kwamba amekosea. Leo nitakaa na meza hizi mbili tu, kwa sababu karibu kila ugumu wa kupima stadi za vitendo umo humo.

Tuanze na wa kwanza. Kosa lake ni moja: kila mara kabla ya kuweka alkali kwa pipeti, aliisuuza chupa ya koni kwa alkali ileile. Alijifunza kwamba bureti husuuzwa kwa asidi na pipeti kwa alkali, akadhani chupa nayo inastahili heshima hiyo. Hakujua tofauti. Bureti na pipeti husuuzwa kwa myeyusho wake ili maji yaliyobaki ndani yasipunguze mkolezo. Lakini chupa ya koni inapokea kiasi kilichokwisha kupimwa. Kinachohesabiwa humo ni wingi wa alkali, si mkolezo wake. Maji yakibaki chupani hayadhuru kitu, ila alkali ikibaki inajiongeza kwenye zile 25.0 cm³. Matone na utando uliobaki ukutani ukifikia 0.4 cm³, asidi itakayotumika itapanda kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ndipo 24.30 ikawa 24.70. Na kwa kuwa alirudia kosa lilelile kwa uangalifu uleule, majibu yake yanakubaliana vizuri. Kukubaliana kwa majibu hakuonyeshi kwamba ni sahihi, kunaonyesha tu kwamba mkono haubadiliki.

Wa pili ana makosa yanayovutana. Anavuka kikomo kwa matone manne hivi, na tone moja la bureti ni karibu 0.05 cm³, kwa hiyo anaongeza kama 0.2 cm³. Wakati huohuo usomaji wake unapunguza kiasi hichohicho. Hapa naomba tusimame kidogo, maana kosa hili la jicho wengi hulifundisha nusu.

Alama za bureti zimechorwa kwenye uso wa kioo, na mbonyeo wa kimiminika uko ndani, nyuma ya kioo hicho. Jicho likiwa juu ya mbonyeo, mstari wa kuona unakata kioo juu kidogo ya usawa wake. Kwa kuwa sifuri ya bureti iko juu na namba zinakua kuelekea chini, anayetazama kutoka juu husoma namba ndogo kuliko halisi. Anayetazama kutoka chini husoma namba kubwa. (Kwenye silinda ya kupimia ni kinyume chake, kwa sababu namba zake zinakua kwenda juu. Mwanafunzi anayekariri kanuni bila kuelewa sababu hunaswa hapo.) Sasa, kama angekosea upande uleule mara zote mbili, makosa yangefutana, kwa kuwa tunachotumia ni tofauti ya usomaji wa mwisho na wa mwanzo. Lakini bureti ikiwa kwenye stendi juu ya meza, alama ya 0 huwa juu ya macho yake na alama ya 24 huwa chini ya macho yake. Usomaji wa mwanzo unaongezeka, wa mwisho unapungua, na tofauti inapungua mara mbili. Sehemu ya kumi ya sentimita ya ujazo huku na sehemu ya kumi kule, tayari ni 0.2. Alichozidisha kwa mkono kimepunguzwa na jicho, na namba ikatoka safi.

Basi tunahitaji kuuona mkono wenyewe, na chombo cha kuuona ni orodha hakiki. Hata hivyo si kila orodha huuona. Nyingi zinazozunguka maabara zina mistari kama hii: "Anatumia bureti ipasavyo." "Anafanya kazi kwa uangalifu." "Anapima kwa usahihi." Mistari hiyo haipimi stadi, inapima jinsi mpimaji anavyomwona mwanafunzi. Mwenye koti safi na mwandiko mzuri ataonekana mwangalifu kabla hajagusa koki.

Mstari unaofaa una mambo matatu. Unataja kitendo kimoja tu, kwa kuwa ukiweka viwili, mwanafunzi aliyefanya kimoja hana mahali pa kuwekwa. Kitendo hicho kinaonekana au kimeacha dalili, hakikai kichwani mwa mwanafunzi. Na kina wakati wake, yaani mpimaji anajua atazame lini. "Anatumia bureti ipasavyo" ukiuvunja kwa kipimo hicho unapata vitendo sita au saba, na kimojawapo ni "Faneli imeondolewa kabla ya usomaji wa mwanzo." Huo hauhitaji busara ya mpimaji. Faneli ipo au haipo. Na unapoulizwa kwa nini uwe na alama yake, jibu lipo: tone likianguka kutoka kwenye faneli katikati ya kazi, usawa wa asidi unapanda na kiasi kilichotumika kitaonekana kidogo kuliko kilivyo.

Kipimo kingine cha mstari ni hicho hasa: ukikiukwa, namba inaharibika kuelekea upande gani? Mstari usio na jibu una hatari ya kuwa desturi tu. Kwa mfano, orodha nyingi hudai koki ishikwe kwa mkono wa kushoto na chupa itikiswe kwa wa kulia. Ni mtindo mzuri kwa anayetumia mkono wa kulia, lakini hauna athari yoyote kwenye kiasi cha asidi. Ukiuweka, unamkata alama mwenye mkono wa kushoto kwa kuzaliwa hivyo. Miwani ya kinga na matumizi ya mpira wa kunyonyea pipeti badala ya mdomo ni jambo jingine. Hayo ni masharti ya kuingia kazini, hayauzwi kwa alama. Anayekiuka anasimamishwa, anarekebishwa, kisha anaendelea.

Orodha ninayoipendekeza kwa kazi hii ina mistari kumi na miwili, kila mmoja alama moja, na imepangwa karibu na mfuatano wa kazi yenyewe, isipokuwa usomaji wa mwisho uliowekwa jirani na wa mwanzo, ili jicho la mpimaji lisirukeruke:

1. Asidi ya kusuuzia bureti imetolewa kupitia ncha.
2. Pipeti imesuuzwa kwa alkali.
3. Chupa ya koni imesuuzwa kwa maji yaliyokenekwa peke yake.
4. Faneli imeondolewa kabla ya usomaji wa mwanzo.
5. Ncha ya bureti imejaa, haina kiputo cha hewa, kabla ya usomaji wa mwanzo.
6. Usomaji wa mwanzo: jicho liko usawa wa sehemu ya chini ya mbonyeo.
7. Usomaji wa mwisho: jicho liko usawa wa sehemu ya chini ya mbonyeo.
8. Tone la mwisho la pipeti limeachwa kwenye ncha, halikupulizwa.
9. Chupa inatikiswa mfululizo muda wote asidi inapoingia.
10. Asidi inaingia tone kwa tone kabla rangi haijageuka moja kwa moja.
11. Asidi imesimamishwa kwenye rangi ya machungwa, haijafika nyekundu.
12. Kila usomaji umeandikwa kwa desimali mbili, ya mwisho ikiwa 0 au 5.

Mstari wa 8 huleta ubishi, kwa hiyo niueleze. Pipeti ya kawaida ya shule imesawazishwa ili itoe 25.0 cm³ huku tone dogo likibaki kwenye ncha. Kulipuliza ni kuongeza alkali ambayo aliyetengeneza pipeti hakuihesabu. Zipo pipeti chache zilizotengenezwa ili zipulizwe, nazo huwekewa alama. Kagueni zenu kabla ya kuuchapa mstari huu. Mstari wa 12 nao una sababu yake: bureti ya 50 cm³ ina alama za kila 0.1, na jicho linaweza kukata nafasi hiyo nusu, si zaidi. Anayeandika 24.3 ameacha nusu ya usahihi wa chombo, na anayeandika 24.32 amedai usahihi ambao chombo hakina.

Mstari wa 11 ndio unaotegemea macho ya mpimaji kuliko yote, na rangi ya machungwa ya mmoja ni nyekundu ya mwingine. Msibishane, ulizeni chupa yenyewe. Mwanafunzi akishasoma na kuandika usomaji wa mwisho, mpimaji aongeze tone moja la alkali ileile kwenye chupa na kuitikisa. Rangi ikirudi kuelekea njano, mwanafunzi hakuvuka kwa zaidi ya tone moja hivi, apewe alama. Ikibaki nyekundu, amevuka. Mwanafunzi wetu wa meza ya pili, aliyezidisha matone manne, angebaki na nyekundu yake.

Sasa utumiaji. Kila mstari uwe na visanduku vitatu: ndiyo, hapana, na sikuona. Hicho cha tatu wengi hukiacha, na hapo ndipo dhuluma huanzia. Mpimaji anayetazama meza nne hawezi kuona kila suuzo. Asipokuwa na kisanduku cha "sikuona" atakisia, na atakisia kwa kumtazama mwanafunzi usoni. Akiweka alama kwenye "sikuona", kuna njia mbili: amtake mwanafunzi arudie kitendo hicho kwenye duru inayofuata, au autoe mstari huo kwenye hesabu ya mwanafunzi huyo na kugawa kwa mistari iliyobaki. Mwenye 10 kati ya mistari 11 iliyoonekana ana takriban 10.9 kati ya 12. Kumpa sifuri kwa kitu ambacho mpimaji hakukitazama ni kumtoza mwanafunzi deni la mpimaji.

Kwa orodha yenye urefu huu, wanafunzi wanne kwa mpimaji mmoja ni idadi inayobebeka. Wakiwa wanane, jueni kwamba mistari ya 6, 7 na 9 haitaonwa, itabuniwa. Ikiwa wapimaji ni wachache, afadhali kupunguza mistari kuliko kuongeza wanafunzi. Au waanze kwa kupishana dakika chache, ili wasifike wote kwenye usomaji wa mwanzo kwa pamoja. Mistari mingine haihitaji kukaa macho: faneli iliyobaki juu ya bureti, kiputo kwenye ncha na desimali za daftarini vinasubiri. Suuzo, jicho na mtikiso havisubiri. Mpimaji aelekeze macho yake kwenye vinavyopita.

Kubalianeni pia ni duru ipi inayopimwa. Duru ya kwanza ya titresheni ni ya makadirio, mwanafunzi anaruhusiwa kukimbia na kuvuka kikomo ili ajue kiko wapi. Ukimpima mstari wa 10 au wa 11 hapo, unamwadhibu kwa kufuata utaratibu. Mistari ya 4 hadi 11 ipimwe kwenye duru ya kwanza ya usahihi. Na mwanafunzi anayejirekebisha mwenyewe kabla kosa halijaathiri namba, tuseme ameona faneli na kuitoa kisha akasoma upya, apewe ndiyo. Tunachopima ni kama anajua, na amejua.

Msaada nao uwe na kanuni. Anayeshindwa kabisa kutoa kiputo aonyeshwe, apoteze alama ya mstari wa 5, na aendelee. Mkimwacha amekwama atapoteza pia mistari sita inayofuata ambayo huenda anaiweza, na mtakuwa mmepima kiputo mara saba.

Kwa upande wa namba, nagawa alama nane. Mbili ni za kukubaliana: duru mbili za usahihi zisipishane zaidi ya 0.10 cm³. Tatu ni za ukaribu na jibu la mwalimu: ndani ya 0.10 alama tatu, ndani ya 0.20 mbili, ndani ya 0.50 moja. Tatu za mwisho ni za hesabu. Jumla na orodha ni 20.

Jibu la mwalimu ninalosema si la kwenye kitabu wala la kwenye lebo ya chupa. Hidroksidi ya sodiamu hunywa unyevu na kaboni dioksidi ya hewani, hivyo 4.0 g zilizopimwa kwa lita moja mara nyingi hazifiki 0.100 mol/dm³. Siku ileile, kutoka kwenye chupa zilezile, kwa kiashiria kilekile, watu wawili wafanye titresheni kila mmoja peke yake, nao wakubaliane ndani ya 0.10 kabla ya wanafunzi kuingia. Myeyusho ukiwa kwenye zaidi ya chupa kubwa moja, kila chupa ipate jibu lake. Bureti zipewe namba, zijazwe maji na kuachwa dakika kumi kabla ya mtihani. Inayoshuka hata alama moja haiingii. Mwanafunzi hawezi kulipa kwa koki iliyolegea.

Alama za hesabu zitolewe kwa namba za mwanafunzi mwenyewe. Wa meza ya kwanza ana wastani wa 24.70, basi mkolezo wake ni 24.70 × 0.100 ÷ 25.0, yaani 0.0988 mol/dm³. Jibu la mwalimu lilikuwa 0.0972. Hesabu yake haina kosa hata moja, apate tatu zote. Kosa la chupa limekwisha kulipiwa.

Tujumlishe basi. Meza ya kwanza: amepoteza mstari wa 3 tu, ana 11. Kukubaliana 2. Ukaribu: ametofautiana kwa 0.40, ana 1. Hesabu 3. Jumla ni 17. Meza ya pili: amepoteza mstari wa 6, 7, 9, 10 na 11, ana 7. Kukubaliana 2, ukaribu 3, hesabu 3. Jumla ni 15. Kwa karatasi peke yake ingekuwa 6 kwa 8, wa pili akiwa mbele.

Mtasema wa kwanza amelipa kosa moja mara mbili, kwenye mstari wa 3 na kwenye ukaribu. Ni kweli, na sina dawa kamili. Ukiondoa alama za ukaribu, unaondoa sababu ya mwanafunzi kujali jibu. Ukiziacha ziwe kumi, makosa yote ya mkono yanalipwa upya. Ndiyo maana nimezibana zisizidi tatu. Pia ukaribu hunasa kosa ambalo mpimaji hakuliona, na makosa ya namna hiyo yapo siku zote. Mistari ya 10 na 11 nayo inagusana, lakini nimeitenganisha kwa kuwa mtu anaweza kudondosha polepole sana na bado akapitiliza kwa kusubiri nyekundu.

Kinachonifurahisha zaidi kuliko jumla ni kwamba orodha inasema la kufanya kesho. Wa kwanza anahitaji sentensi moja kuhusu chupa ya koni. Wa pili anahitaji kuketi au kuishusha bureti ili asome akiwa usawa, na kuzoea koki kwa maji matupu mpaka atoe tone moja anapotaka.

Kabla ya kuitumia orodha kwa alama zinazohesabiwa, ijaribiwe na wapimaji wawili kwa wanafunzi walewale, kila mmoja na karatasi yake, bila kunong'onezana. Tuseme mstari wa 6 ulikuwa umeandikwa kizembe, "Anasoma bureti kwa usahihi," na wanafunzi ni 20. Wote wawili walisema ndiyo kwa 12, wote walisema hapana kwa 2, na wakatofautiana kwa 6: wanne mpimaji wa kwanza alisema ndiyo na mwenzake hapana, wawili kinyume chake. Wamekubaliana kwa 14 kati ya 20, asilimia 70. Inasikika vizuri. Lakini wa kwanza alitoa ndiyo kwa asilimia 80 ya wanafunzi na wa pili kwa asilimia 70. Hata kama wangekuwa wanagawa ndiyo zao bila kutazama, wangekutana kwenye ndiyo kwa asilimia 56 na kwenye hapana kwa asilimia 6, jumla 62. Walichokipata kwa kutazama ni nyongeza ya 8 juu ya bahati, kati ya 38 zilizowezekana, sawa na 0.21. Ndiyo hesabu iitwayo kapa, aliyoitoa Jacob Cohen mwaka 1960. Moja ni kukubaliana kabisa na sifuri ni bahati tupu. Kwa 0.21 mstari huo haufai kutoa alama.

Msikimbilie kuwagombeza wapimaji. Waketisheni pamoja mbele ya wale sita na muulize kila mmoja aliona nini. Mara nyingi mmoja alitazama jicho na mwingine alitazama namba iliyoandikwa. Wote walitii mstari, mstari ndio haukusema. Uandikeni upya kama ulivyo kwenye orodha yetu, ukitaja jicho na mbonyeo na usomaji upi, kisha mjaribu tena kwa wanafunzi wengine.

Kuna suala la macho ambalo halina uhusiano na stadi. Upofu wa rangi nyekundu na kijani huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na methili oranji inawataka watofautishe njano, machungwa na nyekundu. Mwanafunzi kama huyo anaweza kupoteza mstari wa 11 na alama za ukaribu kwa sababu ya jicho. Mpeni fenolfthalini: asidi ikiingia kwenye alkali, rangi ya waridi inapotea na kubaki maji meupe, na wengi huliona badiliko hilo kwa mwanga hata wasipoiona rangi. Ila mambo mawili yabadilike. Jibu la mwalimu litafutwe upya kwa fenolfthalini, kwa sababu alkali iliyokwisha kunywa kaboni dioksidi huhitaji kiasi kidogo zaidi cha asidi kwa kiashiria hiki kuliko kwa methili oranji. Na kwa kuwa aliyepitiliza na aliyesimama mahali pake wote wana chupa isiyo na rangi, mstari wa 11 hauwezi kupimwa kwa kutazama. Lile tone moja la alkali ndilo litakaloamua: waridi ikirudi, ndiyo.

Kisha kuna anayenakili kwa jirani. Meza zikikaribiana, 24.30 husafiri haraka kuliko mwanafunzi. Tayarisheni alkali za mikolezo mitatu, mfano 0.090, 0.097 na 0.105, zipewe herufi, zigawiwe kwa meza zisizofuatana, kila herufi na jibu lake la mwalimu. Anayenakili atajikuta ametofautiana na chupa yake kwa zaidi ya 1.5 cm³.

Mwisho, mpaka wa yote haya. Orodha ikiwa nzuri kiasi gani, imempima mwanafunzi kwenye titresheni. Richard Shavelson na wenzake, waliochunguza kazi za vitendo za sayansi miaka ya mwanzo ya 1990, waliona kwamba wapimaji waliofundishwa hukubaliana vizuri, lakini alama ya mwanafunzi yuleyule hubadilika sana kutoka kazi moja hadi nyingine. Anayeng'ara kwenye bureti anaweza kuzama kwenye saketi ya umeme. Kwa hiyo kwenye cheti au ripoti msiandike "stadi za maabara: 17 kati ya 20". Andikeni "titresheni: 17 kati ya 20", na mpange kazi nyingine tatu au nne tofauti katika mwaka, kila moja na orodha yake, kabla ya kutoa alama moja ya jumla. Karatasi za orodha za duru hii zihifadhiwe pamoja na daftari la mwanafunzi, visanduku vyote vitatu vikisomeka, ili atakayekata rufaa aonyeshwe mstari aliokosa na duru aliyoukosa.

Asanteni. Nakala za orodha ziko mezani, na bureti zimekwisha kujazwa kwa wanaotaka kujaribu kupimana wawili wawili.